Namna ya kuliandikia duka la mtandaoni kuhusu pesa ya kurudishiwa ambayo haijaingia

Wateja wengi wakiona marejesho yamechelewa huandika "Pesa yangu iko wapi?" na kurudishiwa jibu lilelile kila siku: imeshatumwa, endelea kusubiri. Mara nyingi mhudumu hasemi uongo. Kwenye skrini yake oda imeandikwa `Refunded` tangu mwenzake alipobonyeza kitufe, na baada ya hapo haoni kitu. Akaunti yako haioni, wala haoni kama kampuni inayopitisha malipo ya duka iliitoa pesa kweli.

Kwa hiyo usimwombe akueleze pesa iko wapi. Mwombe kitu ambacho duka linaweza kukipata na benki yako inaweza kukitafuta, yaani namba ya kumbukumbu ya muamala wa kurudisha pesa. Likiwa nayo, benki itakuonyesha pesa ilipokwama. Likiikosa, basi huenda pesa haijatumwa, na sasa una maandishi yanayoonyesha hivyo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mteja wa Dodoma aliagiza blenda kutoka duka la mtandaoni la Dar es Salaam tarehe 28 Machi 2025. Bei ilikuwa TSh 185,000, usafiri TSh 12,000, jumla TSh 197,000, akalipa kwa kadi ya Visa ya benki yake. Ikaletwa blenda ya aina nyingine, yenye nguvu ndogo kuliko aliyoagiza, akairudisha. Alhamisi tarehe 10 Aprili duka likamwandikia barua pepe: "Marejesho yako ya TSh 197,000 yameshafanyika. Utayaona kwenye akaunti ndani ya siku 7 za kazi." Tarehe 17 ikapita, hakuna kitu.

1. Hesabu siku vizuri kabla ya kulalamika

Siku 7 za kazi si wiki moja. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hazimo, na siku yenyewe ya ahadi haihesabiwi. Kwenye mfano wetu siku ya kwanza ni Ijumaa tarehe 11 Aprili, kisha 14, 15, 16 na 17. Hapo zimetimia 5. Tarehe 18 ni Ijumaa Kuu na tarehe 21 ni Jumatatu ya Pasaka, benki zimefungwa. Siku ya 6 ni Jumanne tarehe 22, ya 7 ni Jumatano tarehe 23. Aliyeandika kwa hasira tarehe 18 angeambiwa muda haujaisha, na angeambiwa kweli.

Mpe duka siku moja ya ziada, kwa kuwa benki nyingi huingiza miamala ya kadi usiku. Mteja wetu anaandika Ijumaa tarehe 25. Kama duka halikutaja idadi ya siku, soma ukurasa wake wa masharti ya kurudisha bidhaa, uchukue siku zilizoandikwa hapo na uzihesabu kuanzia tarehe ya barua ya ahadi, si tarehe uliyopeleka mzigo. Maduka mengi huanza kuhesabu baada ya ghala kuupokea mzigo na kuukagua.

2. Hakikisha kweli haijaingia

Ruka hatua hii na huenda ukaishia kuomba radhi. Fungua taarifa ya akaunti kuanzia tarehe ya ahadi hadi leo, upitie kila muamala wa kuingia. Usitegemee ujumbe wa simu wa benki, kwani marejesho ya kadi huweza kuingia bila ujumbe wowote. Usitafute jina la duka peke yake, pia. Maduka mengi hupokea malipo kupitia kampuni nyingine, na jina linaloonekana kwenye taarifa huwa la kampuni hiyo. Angalia siku uliyolipa taarifa iliandika jina gani, kisha tafuta jina hilohilo. Ukishindwa, tafuta kiasi.

Kiasi nacho kinaweza kukupotosha. Duka likikata usafiri, kwenye mfano huu zingeingia TSh 185,000 badala ya 197,000. Ukinunua kwa dola, marejesho hubadilishwa kwa bei ya siku yanapoingia, si ya siku uliyolipa, hivyo hupungua au kuzidi kidogo, na ada ya benki ya muamala wa nje mara nyingi hairudi. Hayo ni malalamiko tofauti yenye ujumbe wake. Usiyachanganye na pesa ambayo haijaingia kabisa.

Kuna hali moja inayowachanganya hata watu wazoefu. Unapolipa kwa kadi, benki kwanza huizuia pesa, na duka huichukua rasmi baadaye, pengine siku moja au mbili. Ukifuta oda katikati ya hapo, duka halirudishi chochote kwa sababu halijachukua chochote. Linaachilia tu kile kilichozuiwa. Kwenye taarifa hutaona pesa ikiingia. Utaona ile iliyokatwa imetoweka, au salio linaloweza kutumika limeongezeka bila mstari mpya. Kwa hiyo kama oda ilifutwa siku ileile au kesho yake, angalia kwanza kama makato yenyewe bado yapo. Yakiwa yameondoka, pesa umeshaipata. Mteja wetu hayuko kwenye kundi hili, maana malipo yake yalikamilika mwezi Machi na blenda ikarudishwa baadaye. Yeye lazima aone muamala mpya wa kuingia.

Mwisho, ingia kwenye akaunti yako ndani ya duka lenyewe. Tafuta sehemu ya pochi, salio la duka au vocha. Baadhi ya maduka hurudisha pesa humo kama hukuchagua njia nyingine wakati wa kujaza fomu ya kurudisha mzigo, na kwao hilo linahesabika kuwa marejesho yamekamilika. Ukizikuta humo, ujumbe wako unabadilika: unaomba zihamishwe kwenda njia uliyolipia, na unaeleza kwamba hukuchagua salio la duka.

3. Weka vitu vinne mezani

Kabla ya kuandika neno lolote uwe na namba ya oda, tarehe na kiasi cha malipo, ile barua au ujumbe wa ahadi, na taarifa ya akaunti ya kipindi husika. Kama mzigo uliurudisha kupitia basi au kampuni ya usafirishaji, ongeza stakabadhi yake.

Taarifa ya akaunti ndiyo wengi huikosea. Picha ya skrini inayoonyesha salio la leo haithibitishi kitu, kwa sababu haionyeshi kilichoingia na kilichotoka. Pakua taarifa ya PDF kutoka kwenye aplikesheni ya benki, kuanzia siku moja kabla ya ahadi hadi siku unayoandika. Kwa mteja wetu ni tarehe 9 hadi 25 Aprili. Ziba miamala isiyohusika kama hutaki kuionyesha, lakini acha tarehe zote zionekane, na acha kila muamala wa kuingia uonekane kiasi chake. Ukiziba hizo, duka lina haki ya kuuliza umeficha nini.

Kwenye kadi, toa tarakimu 4 za mwisho tu. Duka halihitaji zaidi ya hapo kupata muamala wako.

4. Andika ujumbe

Anza na kichwa cha habari. Mhudumu anaona orodha ndefu ya barua, na kichwa kisemacho "MALALAMIKO!!!" hakimwambii afungue faili gani. Weka namba ya oda, kiasi na tarehe ya ahadi:

> Oda 48213: marejesho ya TSh 197,000 yaliyoahidiwa 10 Aprili hayajaingia

Kisha ujumbe wenyewe. Huu ni wa mteja wetu:

> Habari za kazi,
>
> Tarehe 10 Aprili 2025 mliniandikia kwamba marejesho ya TSh 197,000 kwa oda namba 48213 yameshafanyika na yataingia ndani ya siku 7 za kazi. Siku hizo, nikiondoa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, zilitimia Jumatano tarehe 23 Aprili. Hadi leo tarehe 25 pesa haijaingia.
>
> Nililipa tarehe 28 Machi kwa kadi ya Visa inayoishia na 3306. Kadi hiyo bado inatumika. Nimekagua taarifa ya akaunti na pia salio langu ndani ya duka lenu; kote hakuna.
>
> Naomba mnijibu haya matatu:
> 1. Marejesho yalitumwa tarehe gani na kwa kiasi gani?
> 2. Yalirudishwa kwenye kadi ileile, au njia nyingine?
> 3. Namba ya kumbukumbu ya muamala wa marejesho ni ipi? Naomba ARN yenye tarakimu 23, ili benki yangu iweze kuitafuta.
>
> Kama marejesho hayajatumwa, au yalikwama, naomba mniambie hivyo kwa maandishi pamoja na tarehe mtakayoyatuma.
>
> Naomba majibu kufikia Jumatano tarehe 30 Aprili. Nimeambatanisha barua yenu ya tarehe 10 na taarifa ya akaunti ya tarehe 9 hadi 25 Aprili.
>
> Asante.
> (Jina kamili kama lilivyo kwenye oda, na namba ya simu ya oda)

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Aya ya kwanza inaweka ahadi, kiasi na hesabu ya siku mahali pamoja, hivyo mhudumu hawezi kurudisha jibu la "subiri siku 7" bila kuonekana hakusoma. Sentensi ya "kadi hiyo bado inatumika" inafunga mlango mwingine. Kadi ikiwa imefungwa au imebadilishwa, marejesho hurudi kwenye namba ya zamani, na benki ama huyaunganisha na akaunti yako au huyakataa yarudi kwa mtumaji. Kama kadi yako imebadilishwa kweli, sema wazi na utaje tarehe iliyobadilishwa, kwani hapo ndipo pa kuanzia msako.

Swali la tatu ndilo kiini. ARN ni namba ambayo mfumo wa kadi huupa muamala unapotoka upande wa duka kwenda benki yako. Ina tarakimu 23, haina herufi. Mhudumu wa ngazi ya kwanza huenda hajawahi kuisikia, lakini mtu wa fedha wa duka anaweza kuiona kwenye mfumo wa kampuni inayopitisha malipo, au kuiomba kutoka huko. Huwa haitokei papo hapo. Huchukua siku chache tangu marejesho yatumwe. Baada ya siku 7 za kazi, hata hivyo, inapaswa kuwepo. Kumbuka kwamba oda iliyofutwa kabla pesa haijachukuliwa rasmi haina ARN ya marejesho, kwa sababu hakuna marejesho yaliyofanyika.

Ombi la "niambieni kwa maandishi" linaonekana dogo, ila ndilo litakalokusaidia benki mambo yakigoma. Tutalifikia.

Na yale yaliyoachwa nje yameachwa kwa makusudi. Hakuna historia ya jinsi ilivyoletwa blenda isiyo sahihi, maana duka limeshakubali kurudisha pesa, na ukianza upya unafungua mjadala uliokwisha. Hakuna vitisho vya mitandaoni wala vya mahakama. Na hakuna "basi nitumieni kwenye namba yangu ya simu". Ombi hilo huchelewesha. Pesa ya kadi hurudi kwenye kadi iliyolipa, na duka likikutumia kwa simu wakati marejesho ya kadi yako njiani litakuwa limelipa mara mbili, kwa hiyo mtu wa fedha atasimamisha yote mpaka ajiridhishe.

5. Tuma mahali panapobaki na kumbukumbu

Jibu juu ya barua ileile ya ahadi ya tarehe 10, usianzishe barua mpya. Hivyo anayesoma anaikuta ahadi chini ya ujumbe wako. Kama duka lina fomu ya msaada inayotoa namba ya tiketi, tuma na huko, na uitaje namba hiyo kila unapofuatilia. Mazungumzo ya papo kwa papo kwenye tovuti mara nyingi hufutika ukifunga ukurasa. Ukiyatumia, piga picha za skrini kabla hujafunga. Ukipiga simu, tuma barua fupi baada ya simu: "Kama tulivyozungumza leo saa 5 asubuhi, mmesema marejesho yatatumwa tarehe 29 Aprili." Wakikaa kimya juu ya barua hiyo, angalau una kumbukumbu ya siku hiyohiyo.

Kuandika malalamiko chini ya posti za duka kwenye Instagramu au Fesibuku kuna hatari yake. Matapeli husubiri hapohapo. Dakika chache baadaye unapata ujumbe kutoka ukurasa wenye nembo ya duka, "Pole mteja, tunakurudishia sasa hivi, tutumie namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma." Au anakuomba namba ya siri iliyokuja kwa ujumbe wa simu. Marejesho ya kweli hayahitaji hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu duka hurudisha pesa kupitia muamala wako wa mwanzo. Namba ya siri inayotumwa kwa simu huidhinisha pesa kutoka, haipokei pesa. Anayekuomba hiyo anataka kukutolea.

6. Soma jibu la duka kwa makini

*"Tafadhali subiri siku nyingine 7."* Hili ni jibu la kupewa bila faili kufunguliwa. Jibu kwa mistari miwili: "Asante. Muda mlioahidi uliisha tarehe 23 Aprili. Naomba ARN ya marejesho, au mthibitishe kwamba hayajatumwa." Usirudie maelezo yote, yapo chini ya barua.

*"Tumeshatuma, wasiliana na benki yako."* Huenda ni kweli, lakini bila namba huwezi kwenda nayo benki. Omba namba. Wakikupa, iangalie kabla hujatoka nyumbani. Yenye tarakimu 23 tupu ndiyo. Yenye tarakimu 12 huenda ni `RRN`, namba nyingine ya kumbukumbu ya muamala, ambayo benki nyingine huweza kuifanyia kazi ikiambatana na tarehe na kiasi. Ichukue, lakini endelea kuomba ARN. Yenye mchanganyiko wa herufi na namba mara nyingi ni ya ndani ya duka au ya kampuni inayopitisha malipo, au ni namba ya tiketi yako tu, na benki haitapata kitu kwayo. Watu hupanga foleni tawini na namba ya tiketi mkononi kisha wanarudishwa.

*"Lipo idara ya fedha."* Jibu hili lina habari ndani yake, kwamba pengine pesa haijatoka. Sababu moja ya kawaida haisemwi kwa mteja: kampuni nyingi zinazopitisha malipo hukata marejesho kutoka kwenye salio la duka lililo kwao. Salio hilo likiwa halitoshi siku hiyo, ombi la marejesho husubiri au hushindwa, huku kwenye skrini ya mhudumu oda inaonekana imeshamalizwa. Ndiyo maana ahadi ilitolewa kwa nia njema na pesa haikutoka. Uliza moja kwa moja: "Je, ombi la marejesho linaonyesha limekamilika au bado linasubiri kwenye mfumo wa malipo?" Mtu wa fedha anayeliona swali hilo ataenda kuangalia mahali sahihi.

Mteja wetu alipata jibu la aina ya pili tarehe 28 Aprili, likiwa na namba ya tiketi. Akaomba ARN tena. Tarehe 30 akajibiwa kwamba ombi "lilirudi" na litatumwa upya. Hapo anapaswa kuomba tarehe ya kutumwa upya, na siku za kazi zinaanza kuhesabiwa tena kutoka hiyo tarehe, huku akikumbuka kwamba tarehe 1 Mei ni sikukuu.

7. Benki: lini, na ukiwa na nini

Ukipata ARN na pesa bado haionekani, nenda benki ukiwa na namba hiyo, tarehe ya marejesho, kiasi, na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Waombe watu wa kitengo cha kadi waitafute. Mhudumu wa dirishani hataiona kwenye salio lako. Pesa huweza kukutwa imekaa kwenye akaunti ya muda ya benki kwa sababu kadi ilibadilishwa, au jina la akaunti lilihitaji kuhakikiwa.

Usipopata ARN, na duka linazungushana nawe, njia ni kupinga muamala kupitia benki yako. Visa wana kundi maalumu la malalamiko kwa duka lililokubali kurudisha pesa na halijairudisha, lenye namba `13.6`. Kwa kawaida benki husubiri siku 15 za kalenda tangu tarehe ya ahadi ya marejesho kabla ya kulifungua. Kwa ahadi ya tarehe 10 Aprili, zinatimia tarehe 25. Upande wa mwisho kuna ukomo wa siku 120. Kwa usalama zihesabu tangu siku uliyolipa, yaani kwa mteja huyu asivuke tarehe 26 Julai. Duka likikuambia "wiki ijayo" kwa miezi mitatu, limekula muda huo wote, na benki haitaweza kukusaidia tena kwa njia hii. Kwa kadi ya Mastercard utaratibu unafanana. Benki yako ndiyo itakayokuambia siku zinazohusika.

Sasa ile sentensi ya "niambieni kwa maandishi" inalipa. Ushahidi wenye nguvu zaidi kwenye kundi hili la malalamiko si taarifa yako ya akaunti, ni barua ya duka lenyewe ikikiri kiasi na tarehe ya marejesho. Ambatanisha barua ya tarehe 10, barua yako ya tarehe 25, na majibu yao. Bila kukiri huko benki itakuuliza kama bidhaa ilirudishwa kweli na kama duka lilikubali, na utaanza kesi ngumu zaidi.

Kabla ya kujaza fomu ya benki, lijulishe duka kwa sentensi moja isiyo na matusi: "Nisipopata ARN au pesa kufikia tarehe 9 Mei, nitaiomba benki yangu ipinge muamala huu." Maduka hulipishwa ada malalamiko ya namna hii yanapofunguliwa, na mengi huhangaika haraka yakiona mteja anaujua utaratibu. Andika hivyo tu kama kweli utafanya.

Duka lililosajiliwa Tanzania linaweza pia kushtakiwa kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia haki za walaji. Kama tatizo liko benki, yaani ARN ipo na benki haitoi majibu, lalamika kwa maandishi kwa benki yenyewe kwanza, kisha Benki Kuu ya Tanzania. Benki Kuu haipokei kesi ambayo benki yako haijapewa nafasi ya kuitatua.

Kama ulilipa kwa simu

Hapa hakuna ARN wala kampuni za kadi za kukutetea, lakini ujumbe ni uleule. Badala ya tarakimu za kadi, weka namba ya simu iliyolipa, namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe wa malipo, na saa. Badala ya ARN, omba namba ya muamala wa marejesho. Mtandao wa simu unaweza kuitafuta hiyo.

Pesa hurudi kwenye laini iliyolipa, si ile uliyoiandika kwenye oda. Aliyelipiwa na mdogo wake au na wakala akague huko kwanza. Muamala wa wakala ni mgumu zaidi: pesa ikirudi kwake, inaingia kwenye salio lake la biashara, na utamhitaji yeye kuithibitisha. Mwenye laini iliyofungwa au iliyosajiliwa upya alieleze duka mapema, kwani muamala kwenda laini isiyofanya kazi hushindwa na pesa hubaki upande wa duka.

Tofauti nyingine ni kwamba duka dogo huenda likakutumia kwa mkono, kutoka laini ya mhasibu, hivyo jina utakaloliona si la duka. Angalia kiasi na tarehe. Na muulize mapema makato ya kutuma ni ya nani, maana wengine hutuma TSh 197,000 kasoro makato, na wewe unabaki kujiuliza kama ni marejesho yako au ya mtu mwingine.

Pesa ikiingia

Linganisha kiasi na ahadi, kisha lijibu duka kwa barua ileile kwamba TSh 197,000 zimeingia tarehe fulani, ili tiketi ifungwe. Kama ulishafungua malalamiko benki, waambie siku hiyohiyo. Benki nyingine hukuwekea kiasi hicho kwa muda wakati wa uchunguzi, na duka likirudisha pia, utaona TSh 394,000. Nusu yake itaondolewa benki ikimaliza hesabu, hata kama umeshaitumia, na akaunti inaweza kuonyesha deni.